Pilipili nne kwenye sahani moja: kuzitambua kwa picha na kukadiria ukali wake

*"Jirani amenipa mfuko wa pilipili za aina nne zilizochanganyika, na yeye mwenyewe alipewa mbegu bila majina. Nimezipiga picha kwenye sahani nyeupe pamoja na kijiko cha chai, na moja ya zile nene za kijani nimeipasua. Ni za aina gani, ipi kali kuliko nyingine, na kila moja inafaa kwa kazi gani jikoni? Nina watoto nyumbani, kwa hiyo sitaki kubahatisha."*

Ndugu yangu, kwa ufupi: zile nene za kijani ni halapenyo, zile ndefu nyekundu ni za kundi la kayeni, zile ndogo ni pilipili kichaa, na zile za rangi ya chungwa zenye mikunjo ni za jamii ya pilipili mbuzi, zikielekea zaidi kwenye habanero. Kwa ukali zinafuatana kwa mpangilio huohuo, kuanzia ya chini kwenda ya juu. Tatu za kwanza nazitaja bila wasiwasi mkubwa. Ya nne ukoo wake naujua, lakini ukali wake hakuna picha inayoweza kuuthibitisha, na kwa kuwa ndiyo inayoweza kuwaumiza watoto kuliko zote, sehemu kubwa ya jibu hili itaihusu yenyewe.

Kwanza nikushukuru kwa kile kijiko. Pilipili iliyopigwa picha peke yake juu ya karatasi nyeupe haina ukubwa. Inaweza kuwa na urefu wa sentimita 3 au 13, na macho hayana pa kushika. Kijiko cha chai kwa kawaida kina urefu wa sentimita 13 au 14 hivi, nami nimekitumia kama rula katika yote ninayoyasema hapa. Nilijifunza jambo hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilipelekewa picha ya tunda moja jekundu la mviringo, laini, linalong'aa, nami nikajibu kwa haraka kwamba ni ile pilipili ndogo ya duara isiyo kali sana ambayo watu huiweka kwenye siki. Baada ya siku mbili mwenye picha akaniandikia kwamba mdomo wake ulikuwa bado unawaka, akaambatanisha picha ya tunda lilelile likiwa limepasuliwa: mbegu zake zilikuwa nyeusi tititi. Ilikuwa rokoto, pilipili ya milima ya Andes, ambayo ndiyo pekee miongoni mwa pilipili zinazolimwa yenye mbegu nyeusi, na ambayo ukali wake unaweza kuipita kayeni. Picha ya kwanza isingeweza kunionyesha hilo. Tangu siku hiyo huomba mambo matatu: kitu cha kupimia ukubwa, tunda moja lililopasuliwa kwa urefu, na kikonyo kikiwa bado kimeshikamana na tunda.

Tuanze na zile za kijani. Zina urefu wa nusu ya kijiko hivi, yaani sentimita 6 hadi 7, ni nene kuanzia juu hadi chini, na ncha yake ni butu. Dalili iliyoniondolea shaka ni ile michirizi myembamba ya rangi ya kahawia hafifu inayoonekana kwenye tunda la kushoto, kama ngozi iliyopasuka ikapona. Si ugonjwa. Nyama ya halapenyo hunenepa haraka kuliko ngozi inavyoweza kutanuka, basi ngozi hupasuka kidogo na mmea huziba nyufa hizo kwa tishu kavu iliyo kama kizibo cha chupa. Pilipili chache hufanya hivyo kwa wingi kama halapenyo. Lile tunda ulilolipasua linathibitisha: ukuta wa nyama ni mnene, karibu milimita 5, na una majimaji. Serano, ambayo ndiyo hufananishwa nayo mara nyingi, ni nyembamba zaidi, haina nyufa nyingi za namna hiyo, na ni kali zaidi kwa maradufu au zaidi. Ukijiuliza kwa nini ni za kijani wakati nyingine ni nyekundu, sababu ni kwamba zimechumwa kabla hazijaiva. Ukiziacha mtini zitakuwa nyekundu. Rangi peke yake haielezi ukali hata kidogo. Inaeleza tu umri wa tunda na aina ya mbegu.

Zile ndefu nyekundu ni jambo gumu kidogo, si kwa sababu hazieleweki bali kwa sababu zina ndugu wengi mno. Zinakaribia urefu wa kijiko, unene wake ni kama wa kalamu, zimejipinda, na ngozi yake ina mawimbi yanayoonyesha kwamba ukuta wa ndani ni mwembamba. Mwonekano huo ndio wa kayeni, lakini kuna aina kadhaa zilizozalishwa sehemu mbalimbali za dunia ambazo hata mkulima mzoefu hawezi kuzitenganisha kwa picha ya tunda. Kwa hiyo nasema "kundi la kayeni" na kuishia hapo. Mtu akikutajia jina mahususi zaidi kwa kuangalia picha hii, anakisia. Kwa matumizi ya jikoni ukadiriaji huo unatosha, ila kuna ukaguzi mmoja unaopaswa kuufanya. Zipo pilipili tamu zenye umbo refu jekundu linalofanana na hili. Pasua moja. Ukuta ukiwa wa milimita 1 au 2 na ukavu kiasi, ni kayeni au ndugu yake. Ukiwa mnene wenye maji kama wa pilipili hoho, basi huenda umepewa ile tamu, na orodha yangu ya ukali inabadilika.

(Hapa niseme neno kuhusu majina. Kamusi nyingi za Kiswahili hueleza "pilipili hoho" kuwa pilipili inayowasha, ilhali wasemaji wengi siku hizi wakisema hoho wanamaanisha ile kubwa tamu isiyowasha. Mimi natumia maana hii ya pili. Mtu akikupa mbegu na kukuambia ni za hoho, muulize anakusudia ipi.)

Zile ndogo zilinipendeza, kwa sababu picha yako imenipa ushahidi ambao sidhani ulikusudia kuutoa. Zina urefu wa sentimita 2 hadi 3, zimechongoka, nyingine za kijani na nyingine nyekundu. Angalia zile nyekundu: tatu kati yake hazina kikonyo wala kile kikofia cha kijani, na mahali kilipokuwa pamebaki kitundu safi cha mviringo. Zile za kijani zote zina vikonyo. Hiyo ni tabia ya pilipili kichaa ya kweli, ile ya spishi ambayo wataalamu wa mimea huiita frutesensi: ikiiva, nyama yake hulainika na tunda huchomoka kwa kuguswa tu, kikofia kikabaki mtini. Tabia hiyo imerithiwa kutoka kwa pilipili za mwituni, ambazo matunda yake huliwa na ndege. Ndege hawahisi mwasho wa pilipili kabisa, humeza tunda na kwenda kuzidondosha mbegu mbali, ilhali mamalia, wanaozisaga mbegu kwa magego, hukimbizwa na ukali huo. Zipo pilipili nyingine ndogo zilizochongoka zinazotoka kwenye spishi ya halapenyo na kayeni, na hizo kwa kawaida hung'ang'ania kikonyo chake hata zikiiva. Jirani yako akithibitisha kwamba matunda haya husimama wima mtini yakielekea juu, ushahidi utakuwa umeimarika, ingawa hautakuwa kamili, kwa maana zipo za spishi ile nyingine zinazosimama vilevile.

Sasa tuje kwenye zile za rangi ya chungwa.

Ni tatu, kila moja ina urefu wa sentimita 4 hadi 5, pana mabegani, zimekunjamana kama taa ndogo ya karatasi, na zinamalizikia kwenye ncha fupi. Umbo hilo linatosha kumfanya mtu yeyote aseme habanero, lakini umbo hudanganya, basi nilikuza picha na kuangalia sehemu ambayo wengi hawaiangalii: pale kikonyo kinapokutana na kikofia cha kijani. Katika lile tunda lililolala ubavu, juu kidogo ya kikofia, kuna mbano, kama pete nyembamba au kama mahali palipofungwa uzi ukakazwa. Mbano huo ni alama ya spishi ya chinense, ambamo zimo habanero, skochi boneti na zile pilipili zilizovunja rekodi za ukali duniani. Halapenyo yako haina mbano huo. Ukiziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu utaona kikonyo cha halapenyo kinatanuka taratibu hadi kuwa kikofia, bila kukatika popote. Ukiweza kumwomba jirani picha ya mmea wenyewe, tazama kama maua yanatoka mawili au zaidi kwenye kifundo kimoja cha tawi. Katika chinense hutoka hivyo mara nyingi, ilhali halapenyo na kayeni kwa kawaida hutoa ua moja moja.

Kati ya habanero na skochi boneti naelekea kwenye habanero kwa sababu ya ile ncha. Skochi boneti huwa bapa zaidi, imebonyea chini, pana kuliko urefu wake, kama kofia iliyokaliwa. Hata hivyo, kwa ukali na kwa ladha hizi mbili ni za daraja moja, na jina la pilipili mbuzi huzifunika zote mbili, kwa hiyo usijisumbue sana na tofauti hiyo.

La kukusumbua ni jingine. Ndani ya spishi hiyohiyo ya chinense zimo pilipili zenye umbo lilelile, mikunjo ileile, mbano uleule kwenye kikonyo na hata harufu ileile, ambazo haziwashi au zinawasha kidogo mno. Maarufu ni aji dulse ya nchi zinazopakana na bahari ya Karibi, na ipo pia habanero iliyozalishwa makusudi ili isiwe na mwasho. Ukiweka tunda la aji dulse na la habanero kwenye sahani moja, mimi mwenyewe sitaweza kuapa lipi ni lipi kwa macho. Upande wa pili zimo zile kali kupindukia, kama buti jolokia na karolina ripa, ambazo ukali wake ni mara kadhaa ya habanero. Hizo angalau huwa na dalili: ngozi yake ina vipele vya kukwaruza, na baadhi zina mkia mwembamba unaochomoza chini kama mwiba wa nge. Matunda yako ni laini na hayana mkia, kwa hiyo kundi hilo naliweka pembeni. Lakini kati ya "haiwashi" na "inawasha vikali", picha ya nje haiwezi kuamua.

Mbegu zisizo na majina zinaongeza shaka hiyo. Pilipili huchavushana kwa urahisi nyuki wanapopita, na mbegu ya tunda lililochavushwa na aina nyingine huweza kuzaa mmea unaotofautiana na mama yake. Watu wengi huamini kwamba hoho ikipandwa karibu na pilipili kali, hoho yenyewe huwa kali msimu huohuo. Si kweli. Nyama ya tunda na ule utando mweupe wa ndani vinatokana na mmea mama peke yake. Uchavushaji unaonekana kwenye mbegu, yaani katika kizazi kinachofuata. Kwa kuwa jirani yako alipanda mbegu zilizotoka kusikojulikana, kizazi hicho kinachofuata ndicho ulicho nacho mkononi.

Kwa hiyo fanya hivi. Vaa glavu nyembamba au uvike mkono mfuko wa plastiki, chukua tunda moja la rangi ya chungwa, ulipasue kwa urefu kuanzia kikonyo hadi ncha. Usitazame mbegu, mbegu hazitengenezi ukali, bali hupakwa tu kwa kushikana na utando. Tazama ule utando wenyewe, mweupe au wa manjano, unaozibeba mbegu. Kemikali inayowasha, kapsaisini, hutengenezwa humo na kukusanyika kwenye vilengelenge vidogo juu yake. Katika tunda kali utaona utando una rangi ya manjano iliyokolea na unang'aa kama uliopakwa mafuta, na pengine vitone vidogo vinaonekana kwa macho. Katika zile kali kupindukia vilengelenge hivyo husambaa hata kwenye ukuta wa nyama. Utando uliopauka, mkavu na mwembamba ni dalili ya upole, ingawa dalili si hakikisho. Harufu isikudanganye: ile harufu nzuri ya matunda, kama ya aprikoti, huwamo katika chinense kali na katika ile isiyowasha.

Kisha onja, wewe mwenyewe na si mtoto, ukiwa na maziwa karibu. Kata kipande chembamba cha milimita 1 hivi kutoka ncha ya chini ya tunda, mahali palipo mbali na utando, kwa maana ncha huwa pole kuliko sehemu zote. Iguse kwa ncha ya ulimi bila kuitafuna, uitoe, usubiri dakika nzima. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Ukali wa halapenyo hupanda mara moja na kushuka mapema. Ukali wa chinense mara nyingi huchelewa, kisha huingia nyuma ya koo na kukaa. Mtu asiyesubiri huona kimya, huamini ni tamu, akakata kipande kikubwa, na hapo ndipo majuto huanza. Dakika ikipita bila kitu, panda juu kidogo: onja kipande kama hicho kutoka katikati ya tunda, usubiri tena. Kikipita nacho, gusa kwa ulimi nyama iliyo karibu na utando pale juu. Ukifika hapo bila kuwaka, unayo ile ya upole, nawe unaweza kuitumia kama kiungo cha harufu bila hofu. Lakini jaribu angalau matunda mawili, na ikiwa yametoka kwenye miti tofauti, jaribu kila mti.

Kuhusu viwango vya ukali, utakuta takwimu za vipimo vya Scoville kila mahali. Vilibuniwa mwaka 1912 na mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville, aliyekuwa akichanganya dondoo ya pilipili na maji ya sukari na kuwapa waonjaji hadi wasihisi mwasho tena. Idadi ya mara alizolazimika kuzimua ndiyo ilikuwa kipimo. Leo maabara hupima kapsaisini kwa mashine na kugeuza matokeo kuwa vipimo hivyo hivyo. Kwa aina zako, viwango vinavyokubalika ni hivi: halapenyo kati ya 2,500 na 8,000, kayeni kati ya 30,000 na 50,000, pilipili kichaa kati ya 50,000 na 100,000, na habanero kati ya 100,000 na 350,000. Upana wa kila kiwango una maana yake. Mmea uliopata kiu na jua kali hutoa matunda makali kuliko ndugu yake aliyemwagiliwa vizuri, na hata kwenye mti mmoja matunda hutofautiana.

Kuna kosa moja ambalo takwimu hizo huwaingiza watu, nami naona ni kubwa kuliko kukosea jina. Vipimo vya Scoville vinaeleza ukali kwa uzito, si kwa tunda. Pilipili kichaa moja ina uzito wa kama gramu 1. Halapenyo nzuri hufikia gramu 20. Habanero ni gramu 8 hivi. Tukichukua viwango vya katikati na kuzidisha kwa kukadiria tu, pilipili kichaa moja ni 75,000 mara 1. Halapenyo nzima ni 5,000 mara 20, yaani 100,000, si mbali sana na ile ndogo. Habanero moja yenye kiwango cha 200,000 mara 8 inatoa 1,600,000, ambayo ni sawa na pilipili kichaa 21 au halapenyo 16. Hesabu hii si ya maabara, kwa kuwa vipimo hutolewa kwa pilipili kavu na kila aina ina kiasi chake cha maji, lakini uwiano wake unatosha kukuonya. Mpishi aliyezoea kutupia pilipili kichaa mbili kwenye sufuria, akaishiwa nazo na kutia habanero mbili badala yake, ameongeza ukali zaidi ya mara 20 huku akidhani amebadilisha moja kwa moja.

Matumizi yanafuata unene wa nyama kuliko yanavyofuata ukali. Halapenyo, kwa kuwa ina nyama nene yenye maji, inafaa kuliwa mbichi ikiwa imekatwa vipande, kuwekwa kwenye siki, au kupasuliwa, kutolewa utando, kujazwa na kuokwa. Usijaribu kuianika juani. Itaoza kabla ya kukauka, na ndiyo maana wenyeji wa Meksiko, ilikotoka, huikausha kwa moshi. Kayeni ni kinyume chake. Ukuta wake mwembamba hukauka vizuri ikitungwa kwenye uzi kwa vikonyo na kuning'inizwa mahali penye hewa, nawe utajua imekuwa tayari ikikunjwa inavunjika kwa mlio badala ya kupinda, na mbegu zinasikika zikicheza ndani. Hapo isage kuwa unga. Pilipili kichaa nayo hukauka upesi, lakini mimi naipenda zaidi ikiwa nzima ndani ya chupa ya siki, kwa sababu siki huvuta ukali polepole na unaweza kutia matone badala ya tunda, jambo linalokupa udhibiti.

Habanero, au hiyo ya upole ikiwa ndiyo uliyonayo, thamani yake ni harufu, na harufu hiyo hupotea ikichemshwa kwa muda mrefu. Namna bora ya kuipata bila ukali wote ni kuitumbukiza tunda zima, lenye kikonyo, lisilotobolewa wala kuchanika, kwenye mchuzi unaotokota taratibu katika dakika 15 za mwisho, kisha kuliopoa kwa kijiko kabla ya kupakua. Ngozi ikiwa nzima, harufu hutoka na sehemu kubwa ya mwasho hubaki ndani. Ikipasuka, mwasho wote umekuwa wa sufuria, na kuongeza maji hakutasaidia sana, kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Huyeyuka ndani ya mafuta. Kwa nyumba yenye watoto ningeshauri uitumie kwa sosi tu: chemsha karoti na kitunguu hadi vilainike, saga pamoja na nusu ya tunda lisilo na utando, siki na chumvi, uhifadhi kwenye chupa iliyoandikwa jina. Wenye kutaka ukali watajitilia kwenye sahani zao.

Mikono nayo isisahaulike. Ukishika nyama ya ile ya rangi ya chungwa bila glavu, maji peke yake hayatakusafisha. Jipake mafuta ya kupikia kwanza, ufute, kisha uoshe kwa sabuni ya vyombo, na usiguse macho wala uso wa mtoto kwa saa kadhaa hata ukiamini umetakata. Mtoto akipata mwasho mdomoni, mpe maziwa, si maji. Protini ya maziwa huishika kapsaisini na kuiondoa, ilhali maji huisambaza. Unapoisaga, fungua kifuniko cha mashine ukiwa umegeuza uso, na usiikaange kwenye mafuta ya moto sana ndani ya jiko lililofungwa madirisha, kwa kuwa mvuke wake huwakohoza wote waliomo.

Ukishaipasua ile ya rangi ya chungwa, nitumie picha mbili: moja ya nusu mbili zilizolazwa mgongo, utando ukitazama juu, na nyingine ya kikonyo kutoka ubavuni. Zipige karibu na dirisha mchana, si chini ya taa ya manjano, kwa sababu taa hiyo hufanya utando wowote uonekane wa manjano, na rangi ya utando ndiyo ninayoitafuta.